Chupa ya Asilimia 8: Kusoma Lebo ya Mvinyo wa Kijerumani Kabla ya Kununua

Hamjambo nyote, na ahsanteni kwa kuitikia mwito. Naona watunza stoo na wahudumu kutoka Nungwi, Kiwengwa na Paje, na wenzetu wa hapa hapa Mji Mkongwe. Nianze na jambo ambalo najua wengi wenu mnalo moyoni. Mimi ni Muislamu, sinywi, na katika miaka yote niliyonunua mvinyo wa hoteli sijawahi kuonja hata tone. Kazi nimeifanya kwa macho tu. Lebo ndiyo iliyonifundisha, na ndiyo iliyonitia hasarani siku nilipoisoma nusu.

Leo nimekuja na lebo za Kijerumani, kwa sababu ndizo zinazotisha watu kuliko zote, na kwa kweli ndizo zinazosema mengi kuliko zote. Ukizielewa hizi, za Afrika Kusini tunazozipokea kila wiki hazitakusumbua.

Siku ile ya hasara kulikuwa na wageni walioagiza mvinyo mweupe wa zabibu ya Riesling, usio na utamu, kwa ajili ya chakula cha jioni, pweza na samaki wa kuchoma. Kwa muuzaji niliona chupa mbili za Riesling kutoka Mosel, Ujerumani. Moja imeandikwa “Kabinett trocken”, nyingine “Spätlese”. Nilishasikia kwamba Spätlese ni daraja la juu kuliko Kabinett, basi nikasema wageni wangu wapewe cha juu. Nikachukua katoni ya chupa 12. Jioni ile chupa ya kwanza ilirudi jikoni imepungua kidogo tu, na mhudumu akaniambia, “Mwalimu, wanasema hii sharubati.”

Kosa langu lilikuwa hili. Spätlese maana yake ni mavuno ya kuchelewa. Kabinett, Spätlese, Auslese na kuendelea ni madaraja ya zabibu, si ya mvinyo uliomo ndani ya chupa. Wajerumani hupima sukari iliyomo katika maji ya zabibu siku ya kuvuna, na kadiri zabibu ilivyoiva ndivyo daraja linavyopanda. Kipimo hicho hakikwambii sukari hiyo ilikwenda wapi baadaye. Mtengenezaji anaweza kuiacha hamira iile yote igeuke kilevi, mvinyo ukatoka mkavu kabisa, yaani usio na utamu. Anaweza pia kuupoza mtungi na kuichuja hamira katikati ya kazi, utamu ukabaki. Zabibu ni zile zile, daraja ni lile lile, na chupa mbili zikawa tofauti kama ndimu na embe.

Kwa hiyo tafuta neno la pili. “Trocken” ni mkavu: sukari isiyozidi gramu 4 kwa lita, au mpaka gramu 9 iwapo mvinyo una uchachu wa kutosha. Msishangae ruhusa hiyo ya pili. Mosel ni bonde la mto lenye baridi, na zabibu za baridi zina uchachu mwingi. Mnajua wenyewe juisi ya ukwaju: unatia sukari, na bado ulimi unahisi uchachu kwanza. “Halbtrocken” ni nusu mkavu, utamu kidogo. “Feinherb” huwa karibu na hapo, lakini neno hilo halina kipimo cha kisheria, kwa hiyo muulize muuzaji.

Na kama neno la pili halipo, kama kwenye chupa yangu ile? Hapo shuka chini ya lebo, kwenye maandishi madogo, utafute asilimia ya kilevi. Yangu ilikuwa imeandikwa “8% vol”. Namba hiyo ilikuwa inaniambia kila kitu, nami sikuitazama.

Tufanye hesabu pamoja. Takribani gramu 17 za sukari katika lita moja hugeuka kuwa asilimia 1 ya kilevi. Tuseme zabibu za Spätlese zilikuwa na sukari ya kutosha kufikia asilimia 12. Lebo inasema 8. Asilimia 4 hazikutengenezwa, maana yake sukari yake imo bado: 4 mara 17 ni gramu 68 kwa lita. Chupa ni mililita 750, basi ndani yake mna gramu 51 hivi. Kijiko cha chai cha sukari ni gramu 4. Niliwapelekea wageni waliotaka mvinyo mkavu chupa yenye vijiko 12 na zaidi vya sukari.

Hesabu hii ni ya kukisia, lakini kwa Riesling ya Kijerumani inanitosha: 8 au 9 bila neno “trocken”, ni tamu; 12 au “12,5”, karibu hakika ni mkavu. Mkato huo wa Kijerumani ni nukta yetu. Ila msiipeleke hesabu hii kwenye kila chupa. Mvinyo wa Ureno uitwao Port una kilevi cha asilimia 19 au 20 na bado ni mtamu sana, kwa sababu hutiwa pombe kali inayoizima hamira kabla haijamaliza sukari.

Kuna mtego mmoja zaidi. Mkiona “Trockenbeerenauslese”, jicho litashika neno “trocken” mwanzoni. Kilichokauka hapo ni zabibu zenyewe, zimesinyaa mtini mpaka sukari ikajikusanya. Huo ni miongoni mwa mvinyo mtamu kuliko wote duniani, na bei yake inauma. Neno “trocken” lihesabuni pale tu linaposimama peke yake.

Aina ya zabibu na eneo ni rahisi zaidi. “Riesling” imeandikwa wazi, na likitajwa jina la zabibu moja, angalau asilimia 85 lazima iwe hiyo. “Mosel” ni eneo, kati ya maeneo 13 ya mvinyo wa ubora Ujerumani. Halafu mnaweza kukuta “Wehlener Sonnenuhr”. Wehlen ni kijiji, ile “-er” ni kama sisi tunavyosema karafuu “ya” Pemba, na Sonnenuhr ni shamba lenyewe. Lebo inapotaja kijiji na shamba, inakwambia zabibu zilitoka mteremko gani, na mara nyingi hilo nalithamini kuliko daraja. Mkiona “GG”, ni mvinyo mkavu kutoka shamba la daraja la juu kabisa, na hapo hamna haja ya hesabu.

Dada pale nyuma ameniuliza kuhusu chupa za mapovu, kwamba mgeni akitaka isiyo na utamu ampe “Extra Dry”, si ndiyo maana yake? Hapana, dada yangu, na swali lako ni zuri kwa sababu chupa hizo ndizo mnazofungua sana ufukweni. Kwenye mvinyo wa mapovu, “Brut” ni sukari isiyozidi gramu 12 kwa lita. “Extra Dry” ni kati ya 12 na 17. Ile yenye jina la ukavu ndiyo yenye utamu zaidi. Prosecco nyingi zinazofika hapa zimeandikwa hivyo. Mgeni akisema hataki utamu, mpe “Brut”, na kama ipo “Brut Nature”, ambayo iko chini ya gramu 3, muoneshe lebo kabla hujaifungua.