Riba Ikiruka Pointi Nne: Hesabu ya Mbinuko kwa Wenye Hatifungani

(Mhadhara uliotolewa kwa wahazini wa SACCOS, Tanga)

Ndugu wahazini, asanteni kwa kunikaribisha. Hapa Tanga hatifungani si mgeni: tangu 2024 mamlaka yetu ya maji, Tanga UWASA, imekuwa na ya kwake, ya miaka 10 kwa riba ya asilimia 13.5. Leo lakini nataka tuongelee zile ndefu za Serikali, maana ndiko hesabu ya mkato inakotupotosha.

Hesabu hiyo wengi mnaijua. Unachukua unyeti wa hatifungani, unauzidisha kwa mabadiliko ya riba ya soko, unapata bei itashuka au itapanda asilimia ngapi. Tuchukue hatifungani ya miaka 20, kuponi asilimia 12, inalipwa kila miezi sita, na riba ya soko nayo ni 12. Bei yake ni 100. Unyeti wake ni 7.52. Riba ikipanda robo ya pointi, bei inashuka takriban 1.88, na kosa la hesabu halifiki hata senti tano katika kila shilingi mia. Hapo hakuna ugomvi.

Sasa riba ipande pointi nne, ifike 16. Msiseme naota: mwaka 2022 kuponi ya hatifungani mpya za miaka 25 ilishushwa kutoka 15.95 hadi 12.56. Kuponi si riba ya soko, najua, lakini inaonyesha soko letu linaweza kutembea umbali gani. Hesabu ya mkato inasema 7.52 mara 4, hasara 30.08. Piga bei yenyewe kwenye Excel:

```
=PV(0.08,40,-6,-100)
```

Jibu ni 76.15. Hasara halisi ni 23.85. SACCOS yenye hatifungani ya milioni 100 imetishwa kwa milioni sita ambazo hazijapotea, na mhazini aliyeshikwa na hofu anauza kwa bei ya kutupa.

Milioni sita hizo zinatoka wapi? Unyeti wenyewe haukai pale pale. Riba inapopanda, malipo ya mbali, hasa ule mtaji unaorudi mwaka wa 20, yanapungua thamani kuliko kuponi za karibu, kwa hiyo hatifungani inaanza kufanana na ya muda mfupi zaidi. Kwenye riba ya 16 unyeti umeshuka hadi 6.15. Kwenye riba ya 8 umepanda hadi 9.20. Sisi tumetumia 7.52 safari nzima, kama dereva anayekadiria saa ya kufika Lushoto kwa mwendo aliokuwa nao barabara ya Mombo, kabla ya kuanza kupanda mlima.

Kinachorekebisha hilo ni mbinuko, yaani kipimo cha jinsi unyeti unavyosogea riba inaposogea. Kuupata hauhitaji kalkulasi. Piga bei kwa riba ya 13: 92.93. Piga kwa 11: 108.02. Jumlisha, toa mara mbili ya bei ya sasa: inabaki 0.95. Gawa kwa 100 mara 0.01 mara 0.01, unapata 95. Kisha marekebisho ni nusu ya mbinuko, mara mraba wa mabadiliko:

```
0.5 * 95 * 0.04^2 = 0.076
```

Yaani 7.60 kwa kila 100, na daima unaiongeza, riba ipande au ishuke, kwa sababu mraba hauna hasi. Ikipanda: hasara 30.08 inapungua hadi 22.48. Ikishuka hadi 8: faida 30.08 inakuwa 37.68, wakati bei halisi ni 139.59, faida 39.59.

Mtaona bado kuna pengo: upande wa kupanda tumekadiria hasara ndogo kuliko ilivyo kwa 1.37, upande wa kushuka faida ndogo kwa 1.91. Mbinuko nao unabadilika njiani. Kwa pointi moja au mbili sina neno. Kwa pointi nne, mimi hutumia mbinuko kwa kukagua haraka tu, na kiasi cha kuandika kwenye vitabu nakipata kwa kupiga bei upya.

Kosa ninalokutana nalo zaidi ni la vipindi. Mtu anapata mbinuko kwa nusu mwaka, 380, anasahau kugawa kwa nne, kisha anatumia mabadiliko ya riba ya mwaka. Marekebisho yanakuwa 30.4, na karatasi yake inasema riba imepanda pointi nne na bei nayo imepanda kidogo. Ukiona hivyo, usihangaike kutafuta kwingine. Aliyesahau ile nusu naye anapata 15.20 badala ya 7.60, na huyu ni mgumu kumkamata, kwa kuwa hasara yake ya 14.88 bado inafanana na kitu kinachowezekana. Dawa yake ni ile ile fomula ya PV: tofauti ya karibu 9 kwa 100 haielezwi na pengo dogo la makadirio.

Karibuni kwa maswali. Anayetaka tupige ya hatifungani yake mwenyewe aje na kuponi na tarehe ya kuiva.