Kwa nini benki ilimpa 168.60?

Mwanaisha: Bwana Baraka, kuna mzee anayeagiza matairi kutoka nje. Januari 2024 alikuwa na deni la dola 100,000 la kulipa baada ya miezi sita. Dola siku hiyo ilikuwa kama shilingi 160 za Kenya. Akaenda benki kufunga bei mapema, wakamwambia 168.60. Akatoka amenuna: "Hawa wametabiri shilingi itaanguka, na utabiri wao wananiuzia mimi!"

Baraka: Mzee wa watu. Hakuna aliyetabiri kitu pale, dada. Hebu kaa upande wa benki. Umemwahidi dola 100,000 baada ya miezi sita. Utazitoa wapi?

Mwanaisha: Nitangoja siku ifike, ninunue sokoni.

Baraka: Na ikifika 200 je? Benki haikubali kulala na wasiwasi huo. Inanunua dola leo leo na kuziweka. Tuchukue riba ya dola asilimia 5 kwa mwaka, yaani 2.5 kwa nusu mwaka. Kwa hiyo leo hazihitajiki dola 100,000 zote, zinatosha 97,561, nyingine zitazaliwa na riba.

Mwanaisha: Sawa. Na shilingi za kuzinunulia?

Baraka: Kwa 160, ni kama milioni 15.61. Benki inazikopa, au inazitoa mahali ambapo zingepata riba. Wakati ule dhamana za muda mfupi za serikali ya Kenya zilikuwa zikilipa karibu asilimia 16. Nusu mwaka ni 8. Milioni 15.61 ukiongeza asilimia 8 inakuwa milioni 16.86. Gawanya kwa dola 100,000.

Mwanaisha: 168.60! Kumbe mzee alikuwa akilipia riba tu.

Baraka: Tofauti ya riba. Kwa mkato, kupata bei ya kufunga, F, unachukua bei ya leo, unazidisha kwa moja jumlisha riba ya shilingi, unagawanya kwa moja jumlisha riba ya dola, zote za muda uleule:

```
F = 160 × 1.08 / 1.025 = 168.59
```

Wengi hukosea kwenye muda. Wanaweka 16 nzima kwa mkataba wa miezi sita, kisha wanashangaa bei imepaa.

Mwanaisha: Na kama benki jirani ingemwonea huruma, impe 163?

Baraka: Ningekuwa mlangoni kabla hawajafungua! Ninakopa dola 100,000, ninazibadili kuwa shilingi milioni 16, ninaziweka kwa asilimia 8, zinakuwa milioni 17.28. Siku hiyohiyo ya kwanza nimeshafunga kununua dola kwa 163. Mwishoni ninapata dola 106,012. Deni langu ni 102,500. Zinabaki 3,500 na ushee, na dola ipande ishuke, hainihusu. Wakija watu kumi kama mimi, ile 163 inasukumwa juu. Ndiyo maana huitwa usawa wa riba wenye kinga: njia ya kurudi imefungwa tangu mwanzo.

Mwanaisha: Ila Februari serikali ikauza Yurobondi mpya, yaani ikakopa dola nje, hofu kwamba ingeshindwa kulipa deni la nje lililokuwa linaiva Juni ikapungua, dola ikashuka hadi kwenye 130. Julai mzee analipa 168.60 huku jirani yake ananunua kwa 129!

Baraka: Karibu milioni nne zaidi. Inauma, sikatai. Lakini hesabu ya Januari haikuwa na kosa. Haikuahidi dola itakuwa wapi Julai.

Mwanaisha: Mimi nina shaka na kitu kimoja. Wewe umekopa dola kwa asilimia 5. Nairobi ya wakati ule, nani angekukopesha?

Baraka: Umenishika. Hapo ndipo kanuni inapochechemea. Dola zilikuwa adimu, na benki zina ukomo wa kiasi zinachoaminiana. Tuseme dola mle nchini inagharimu asilimia 8 kwa mwaka, yaani 4 kwa nusu mwaka: 160 mara 1.08 gawanya kwa 1.04, unapata 166.15. Kwa hiyo benki ikikutajia 166, usikimbilie kusema wamekosea. Igeuze hesabu, itakuambia dola inakopwa kwa riba gani sokoni humo. Mimi huitazama hiyo kuliko riba zinazobandikwa ukutani.

Mwanaisha: Basi ni shida ya masoko madogo kama letu.

Baraka: Hata! Kwenye yeni na dola usawa huo ulivunjika katika msukosuko wa 2008, na haujarudi sawasawa. Anayepata dola kwa kubadilisha yeni na kufunga bei ya kurudi, mara nyingi hulipa zaidi ya anayezikopa moja kwa moja.

Mwanaisha: Na faida hiyo haichukuliwi? Wall Street wamelala?

Baraka: Wanaiona. Lakini mkopo na uwekezaji huo hukaa kwenye mizania ya benki, na kanuni za baada ya 2008 zinadai mtaji kwa kila kinachokaa humo, hata kama hakina hatari. Faida ikiwa nyembamba kuliko gharama ya huo mtaji, wanaiacha palepale ilipo.

Mwanaisha: Mzee wa matairi sijui nimwambie nini.

Baraka: Mwulize kwanza kama safari hii amefunga bei.

Mwanaisha: Amekataa katakata!