Kasi ya chombo kwenye maji yaliyotulia: safari mbili za mtoni

Ndugu walimu na wanafunzi,

Naomba tuchukue Mto Rufiji, sehemu iliyo juu ya mji wa Utete ambako maji bado yanashuka upande mmoja tu, na tuweke vituo viwili vya kando ya mto vilivyo umbali wa kilomita 24. Nambari nimezipanga mimi ili hesabu iwe nyepesi. Boti ya injini inashuka kutoka kituo cha juu hadi cha chini kwa saa 2, kisha inapanda kurudi kwa saa 3, na nahodha hakuigusa injini muda wote. Swali ni hili: boti hiyo ingekwenda kwa kasi gani kama maji yangekuwa yametulia?

Wanafunzi wengi hujumlisha umbali wote, kilomita 48, wakaugawanya kwa saa 5 na kupata kilomita 9.6 kwa saa. Hesabu hiyo inajibu swali jingine, yaani wastani wa kasi ya safari nzima ukipimwa ukingoni. Haiwezi kuwa kasi ya boti kwenye maji yaliyotulia, kwa sababu boti ilisaidiwa na mkondo kwa saa 2 lakini ikazuiwa na mkondo huo huo kwa saa 3. Hasara ilidumu kuliko faida, kwa hiyo wastani huo lazima uwe chini ya kasi tunayoitafuta.

Njia sahihi ni kutafuta kwanza kasi ya kila upande. Kushuka ni 24 kugawanya kwa 2, yaani kilomita 12 kwa saa; kupanda ni 24 kugawanya kwa 3, yaani kilomita 8 kwa saa. Tukiita kasi ya boti v na kasi ya mkondo s, tunapata:

v + s = 12
v − s = 8

Tukijumlisha, s inajifuta na 2v inakuwa 20, hivyo boti ina kasi ya kilomita 10 kwa saa. Tukitoa, 2s inakuwa 4, na mkondo ni kilomita 2 kwa saa. Kinachogawanywa kwa mbili, basi, ni jumla ya kasi, si ya muda. Na muda uingie kwenye hesabu ukiwa saa kamili na sehemu zake: saa 2 na dakika 30 ni 2.5, wala si 2.30, kosa ambalo huharibu majibu mengi kuliko aljebra yenyewe.

Vitabuni tunaishia hapo. Mtoni, hata hivyo, kuna jambo ambalo milinganyo hii miwili inalichukulia kimyakimya, nalo ni kwamba mkondo uliosaidia wakati wa kushuka ndio uliozuia wakati wa kupanda. Nahodha mzoefu hapiti njia ile ile kwenda na kurudi. Akishuka hukaa katikati, ambako maji yanakwenda mbio. Akipanda husogea karibu na ukingo, ambako mkondo ni dhaifu kwa sababu maji yanasuguana na kingo na kina ni kifupi. Tuseme ukingoni mkondo ni kilomita 1 tu kwa saa. Boti yetu itapanda kwa kilomita 9 kwa saa na kufika kwa saa 2 na dakika 40. Mwanafunzi asiyejua atajumlisha 12 na 9, agawanye kwa mbili, na kutangaza kwamba boti ina kasi ya 10.5, ilhali injini ni ile ile.

Kosa hili hugundulika kwa kupima mkondo peke yake. Tupa nazi mahali boti inapopita na hesabu sekunde inazotumia kupita mita 50 zilizopimwa ukingoni. Ikitumia sekunde 90, mkondo ni kilomita 2 kwa saa; ikitumia 180, ni kilomita 1. Hapo toa mkondo wa katikati kwenye kasi ya kushuka, 12 − 2, na ongeza mkondo wa ukingoni kwenye kasi ya kupanda, 9 + 1. Majibu yote mawili ni 10, na kulingana kwake ndiko kunakotupa haki ya kuliamini.

Nimechagua sehemu ya juu ya Utete makusudi. Kwenye delta, bahari ikijaa huyazuia au huyarudisha nyuma maji ya mto, kwa hiyo s hubadilika saa kwa saa na hata kugeuza upande. Ukiona boti imepanda kwa muda mfupi kuliko iliotumia kushuka, s itatoka hasi. Usiilaumu injini wala aljebra. Ulizia kwanza maji yalikuwa yanajaa au yanakupwa saa zile.