Mrefu na mfupi mbele ya mizani: kipeo cha 2 au cha 2.5?
(Mhadhara uliotolewa Goma kwa wanafunzi wa uuguzi)

Wababa, wamama, na ninyi wanafunzi, karibuni. Nianze na watu wawili niliowapima mwenyewe hapa mjini. Papa mmoja, mchezaji wa basiketi wa zamani, ana urefu wa mita 1.95 na uzito wa kilo 99. Mama mmoja muuza samaki ana mita 1.48 na kilo 53. Kwenye fishi ya papa muuguzi alikuwa ameandika IMC 26.0, akamwambia apunguze uzito. Mama alipata 24.2 akaambiwa yuko sawa. Papa alikuja kwangu amehuzunika, maana tayari alikuwa ameacha kula jioni.

IMC mnaijua: uzito kwa kilo, gawanya kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Mzizi wake ni Adolphe Quetelet, Mbelgiji, ambaye katika miaka ya 1830 aliona kwamba kwa watu wazima uzito unaelekea kufuata kipeo cha pili cha urefu. Hakuwa anatafuta unene wa mgonjwa mmoja. Alikuwa anamtafuta mtu wa wastani. Jina la IMC lilikuja baadaye sana, mwaka 1972, kwa Ancel Keys.

Sasa tazameni bidoni mbili za maji zenye umbo lilelile, moja ikiwa na kimo mara mbili ya nyingine. Je, ile kubwa inabeba maji mara nne? Hapana, mara nane, kwa sababu imeongezeka kimo, upana na kina. Kama mwanadamu angekua kama bidoni, kipeo kingekuwa 3. Lakini mtu mrefu si mfupi aliyevutwa pande zote sawasawa. Kwa kawaida ni mwembamba kidogo kulingana na kimo chake. Kwa hiyo wengine wanaona kipeo kinachofaa kiko kati ya 2 na 3. Mwaka 2013 Nick Trefethen, mwanahisabati wa Oxford, alipendekeza hii:

```
1.3 × uzito ÷ urefu^2.5
```

Hiyo 1.3 imetoka wapi? Kipeuo cha pili cha 1.69 ni 1.3 kamili. Maana yake, kwa mtu wa mita 1.69 kanuni zote mbili zinatoa jibu moja. Hapo ndipo pa kujikagua: mkiweka 1.69 na majibu yakatofautiana, mmekosea. Kosa ninaloliona mara nyingi ni kuingiza 169 badala ya 1.69.

Kwenye simu fanyeni hivi: chukueni IMC ya kawaida, zidisheni kwa 1.3, kisha gawanyeni kwa kipeuo cha pili cha urefu. Kwa papa, kipeuo cha 1.95 ni 1.396, na 26.0 inashuka hadi 24.2. Kwa mama, kipeuo cha 1.48 ni 1.217, na 24.2 inapanda hadi 25.9. Mnaona? Wamebadilishana nafasi kwenye mpaka wa 25, ambapo uzito huanza kuhesabiwa kuwa umezidi, na hakuna aliyeongezeka wala kupungua hata gramu moja.

Ila ninawaomba msikimbilie kufuta fishi zenu. Mipaka ya 25 na ya 30, ule wa unene wa kupindukia, ilijengwa juu ya kipeo cha 2, na magonjwa yalichunguzwa kwa kipimo hicho. Tena, ukipima watu wazima wengi na kutafuta kipeo kinachofanya kipimo kisiegemee urefu, mara nyingi unaangukia karibu na 2. Hoja ya 2.5 inatoka kwenye umbo la mwili, haijatoka kwenye kuhesabu wagonjwa. Mimi naichukua kama onyo: mtu akiwa mbali na mita 1.69, na IMC yake ikiwa karibu na mpaka, usimhukumu kwa namba hiyo peke yake. Kwa mwenye 35 haibadilishi mengi: papa huyo angekuwa na 35, bado angebaki na 32.6.

Na hakuna kipeo kinachojua kutenganisha msuli na mafuta. Kwa hiyo niliwapima kiuno kwa utepe wa fundi nguo. Kiuno kikizidi nusu ya urefu, ninaendelea kuchunguza. Nusu ya papa ni sentimita 97.5, kiuno chake kilikuwa 92. Nusu ya mama ni 74. Chake kilikuwa 79. Watu wawili hawathibitishi kanuni, najua. Lakini papa nilimwambia arudie chakula chake cha jioni, na mama nikampima presha na sukari siku hiyohiyo.