Fomu ya Ridhaa na Afya kwa Safari za Michezo: Tuulize Nini, Tuitunze Vipi

Walimu wenzangu wa michezo, matroni na walezi wa wanafunzi, habari za asubuhi. Nimeombwa nizungumzie fomu ambazo wazazi hujaza kabla watoto hawajaenda kwenye mechi na safari. Nitashika safari ya aina moja tu, ile ya msimu wa UMISSETA. Mtoto anaondoka nyumbani siku kadhaa, analala kwenye bweni la shule asiyoifahamu, na akiugua usiku mtu wa kwanza kumwendea ni mwalimu ambaye pengine hamfundishi hata somo moja.

Fomu ninayoiona mara nyingi ina mistari mitatu. "Mimi mzazi wa fulani nimemruhusu mwanangu kushiriki michezo. Shule haitahusika na jambo lolote litakalotokea." Sahihi, tarehe, muhuri. Huo mstari wa pili ufuteni. Mzazi akiusaini, mwalimu habaki huru na wajibu wa kumwangalia mtoto aliyekabidhiwa. Kinachopatikana ni mzazi aliyetishika, na mzazi aliyetishika haandiki ukweli wa afya ya mwanawe. Na mstari wa kwanza nao haujamwambia chochote. Ameruhusu wapi, lini, gari gani, mtoto atalala wapi, nani kiongozi wa msafara na namba yake ya simu ni ipi, watarudi saa ngapi? Ridhaa ni ya jambo mtu analolijua. Fomu iliyosainiwa Januari kwa "michezo yote ya mwaka" haitoshi kwa safari ya kulala mkoa mwingine mwezi Juni.

Kisha mtenganishe ruhusa. Kwenda safari ni ruhusa moja. Kutibiwa ni nyingine. Kupigwa picha na kuwekwa mtandaoni ni ya tatu, na mzazi awe na haki ya kuikataa hiyo ya tatu huku mtoto akisafiri kama kawaida. Majirani zetu Kenya wameliona hili: mwaka 2023 ofisi yao ya ulinzi wa taarifa iliitoza shule moja faini ya zaidi ya shilingi milioni nne za Kenya kwa kusambaza picha za wanafunzi bila ridhaa ya wazazi.

Kwenye ruhusa ya matibabu tuelewane vizuri. Mtoto aliye katika hatari ya kufa hasubiri karatasi, daktari anaanza kazi. Fomu inasaidia kwenye yale ya katikati: kushona jeraha, kurudisha mfupa, kulazwa, upasuaji unaoweza kusubiri hadi mzazi apatikane. Hapo mwalimu anatakiwa aonyeshe kwamba mzazi amemruhusu ampeleke mtoto hospitali na kukaa naye. Ulizeni pia, kwa lugha ya heshima, kama kuna matibabu ambayo familia haiyakubali kwa sababu ya imani, mathalani kuongezewa damu. Ni afadhali jambo hilo lizungumzwe na mzazi ofisini wiki mbili kabla ya safari kuliko mlangoni mwa chumba cha upasuaji.

Na nani asaini? Watoto wengi tunaowasafirisha wanaishi na bibi, shangazi au kaka mkubwa. Asaini anayemlea kweli, na uhusiano wake uandikwe. Bibi asiyesoma asomewe fomu yote mbele ya shahidi, aulize anachotaka, ndipo aweke dole gumba.

Sasa afya, ambako ndiko tunakosea zaidi. Fomu inauliza: "Je, mwanafunzi ana ugonjwa wowote?" Mzazi anaandika "Hapana", kwa sababu anaamini "Ndiyo" itamfanya mtoto aachwe. Swali hilo halileti kitu. Ulizeni yaliyotokea na yanayotakiwa kufanywa. Amewahi kuzimia akiwa anakimbia? Amewahi kubanwa kifua au kukosa pumzi mchezoni? Kuna ndugu wa damu aliyefariki ghafla kwa moyo kabla ya miaka 50? Anayejibu "ndiyo" kwa la kwanza au la tatu aonane na daktari kabla ya kukimbia tena, maana hizo zinaweza kuwa ishara za tatizo la moyo ambalo mtoto halionyeshi akiwa amekaa darasani. Amewahi kuanguka kifafa, mara ya mwisho ilikuwa lini, na huwa kinachukua dakika ngapi? Kuna dawa au chakula kinachomdhuru, na kilipomdhuru ilikuwaje? Upele mdogo ni jambo moja, kuvimba midomo na kushindwa kupumua ni jambo jingine kabisa.

Swali ninalolithamini kuliko yote ni hili: kuna dawa anayomeza kila siku, saa ngapi, na angependa nani aitunze? Hamuulizi dawa ni ya nini. Tuna watoto wanaotumia dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI, na tatizo lao safarini ni kumeza dawa mbele ya wenzao arobaini bwenini. Mtoto akikosa faragha anaacha dozi. Jibu la "kidonge kimoja saa tatu usiku, akitunze matroni" linatosha kumpangia muda wa kuitwa pembeni. Hali ya VVU isiulizwe kwenye fomu ya michezo. Sheria yetu ya UKIMWI ya mwaka 2008 inalinda siri hiyo, na safari haihitaji kuijua.

Hata kundi la damu sioni haja ya kulikusanya. Hospitali haitamwongezea mtoto damu kwa kuamini maandishi ya mwalimu, lazima ipime yenyewe. Dini, kabila, kipato cha mzazi, vyote viacheni. Kila mnachokusanya mtalazimika kukitunza.

Tuchukue mfano. Binti wa kidato cha pili anatoka Morogoro kwenda Njombe na kikundi cha kwaya. Ana sikoseli. Njombe iko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na mwezi Juni baridi yake ni kali. Baridi, kiu na uchovu ndivyo vinavyoamsha maumivu ya sikoseli. Fomu ya zamani ingeandika "sikoseli" na kuishia hapo, na mwalimu angebaki na neno asilojua alifanyie nini. Fomu nzuri, ambayo mama yake ameijaza kwa msaada wa kliniki anakohudhuria, inasema hivi: anameza foliki asidi na haidroksiyurea kila siku asubuhi, anywe maji mara kwa mara hata ndani ya gari, kwa hiyo gari lisimame ajisaidie, avae sweta na soksi, asiogee maji ya baridi, maumivu yakianza apewe parasetamo kwa dozi iliyoandikwa na alale kwenye joto. Halafu ule mstari wa maana kuliko yote: akipata homa ya nyuzi 38.5 au zaidi, maumivu ya kifua, shida ya kupumua au weupe wa ghafla machoni, apelekwe hospitali palepale, usiku au mchana, bila kusubiri asubuhi. Mwalimu yeyote, hata wa historia, anaweza kuufuata. Kwa hiyo kwenye begi lazima kiwepo kipimajoto.

Chini ya fomu kuna namba mbili za simu za watu wawili tofauti, ikiwezekana wasiolala nyumba moja. Pigeni zote siku mbili kabla ya safari. Mtashangaa ngapi hazipatikani. Na katika simu hiyohiyo ulizeni: kuna kilichobadilika tangu ujaze fomu? Dawa hubadilishwa, pumu huanza, bima huisha. Wenye bima, namba ya kadi iandikwe na kadi yenyewe isafiri.

Tuje kwenye utunzaji. Tangu tarehe 1 Mei 2023 Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inafanya kazi Tanzania, na taarifa za afya ni taarifa nyeti. Fomu zikae kwenye kabati lenye kufuli, na funguo awe nazo mtu mmoja na msaidizi wake. Anayechukua fomu aandike kwenye daftari jina lake, siku na sababu.

Safarini fomu zote haziendi. Kiongozi wa msafara au matroni anabeba muhtasari wa ukurasa mmoja kwa kila mtoto mwenye mahitaji, ndani ya bahasha iliyofungwa na yenye jina la mtoto. Bahasha hizo zikae kwenye mkoba anaouvaa mwilini. Zisiwekwe kwenye buti ya gari, na zisiachwe kwenye kitanda cha bweni. Nakala ya pili ibaki shuleni kwa mwalimu ambaye simu yake itakuwa wazi usiku wote. Sababu ni nzito: gari likipata ajali, walimu waliomo wanaweza kuwa majeruhi na karatasi zikapotea. Huyo aliyebaki ndiye atakayewaambia madaktari nani ana mzio wa dawa gani, na ndiye atakayewapigia wazazi.

Kocha hahitaji jina la ugonjwa. Anahitaji kuambiwa: huyu mpumzishe akianza kukohoa, pampu yake iko mfuko wa mbele wa begi langu.

Mwalimu mmoja pale nyuma ameuliza, kwa nini wazazi wasipige picha fomu wakazituma kwenye kundi la WhatsApp? Mwalimu, naelewa, ni rahisi. Lakini kundi lina wazazi wengine sitini, na picha ikishaingia inajihifadhi kwenye simu zao. Hata ikitumwa kwako peke yako, inakaa kwenye picha zako, inapanda kwenye hifadhi ya mtandaoni, na mwanao akichezea simu anaiona. Mzazi aliye mbali atume kwa namba ya shule, iliyo kwenye simu yenye neno la siri; ichapwe, kisha ifutwe kwenye mazungumzo, kwenye picha na kwenye kapu la vilivyofutwa. Mkitumia faili la kompyuta, lifungeni kwa neno la siri, na neno hilo msilitume pamoja na faili.

Swali la mwisho lilikuwa, tukisharudi tufanye nini na zile bahasha? Zihesabuni siku hiyohiyo kwa orodha ya safari, moja baada ya nyingine, kabla walimu hawajatawanyika. Kama mtoto aliumia au alitibiwa, muhtasari wake na karatasi za hospitali viingie kwenye faili la tukio na vitunzwe. Nyingine zichomwe mbele ya watu wawili, na daftarini iandikwe kwamba zimechomwa. Zisitupwe kwenye rundo la karatasi chakavu za ofisi. Sote tunajua karatasi hizo zinaishia wapi: zinafungiwa karanga na vitumbua hapo getini, na wanunuzi ni wanafunzi walewale.