Fensi ya Majani Ikitoboka Chini

ZUHURA: Kaka Baraka, tuanze na ile fensi ya ofisini uliyoitiwa juzi.

BARAKA: Ile ya duranta. Kimo chake mita 2, juu imeshiba majani, chini vijiti vitupu. Paka anapita bila kuinama. Mwenye ofisi anauliza aweke mbolea gani. Nikamwambia mbolea haihusiki, tatizo ni mkasi.

ZUHURA: Mkasi tena?

BARAKA: Anayekata amesimama, basi juu anagusa ncha tu, huku chini anazamisha mkasi ndani zaidi. Miaka inapita, fensi inakuwa mwavuli. Majani ya chini hayapati jua, yanapukutika.

ZUHURA: Mwenyewe nimeikata yangu hivyohivyo, halafu nikajisifu imenyooka! Iwe vipi?

BARAKA: Chini pana, juu pembamba. Hiyo ya ofisini nimeipangia sentimita 80 chini na 50 juu, kwa hiyo kila upande unaingia ndani sentimita 15 kuelekea juu. Usikisie kwa macho. Funga kamba mbili kila upande, moja chini na moja juu, ukate ukizifuata.

ZUHURA: Hiyo ni kwa fensi nzima. Iliyokwisha kutoboka je?

BARAKA: Duranta huchipua hata kwenye mti mzee, kwa hiyo inaokoka. Ila usikate pande zote kwa mkupuo. Mvua zilipoanza nilipunguza juu, nikakata upande mmoja kwa kina, karibu na mashina. Ule wa pili nimeuacha na majani yake, maana ndiyo yanayolisha mizizi. Nitaukata mvua zijazo, huu wa kwanza ukishajaa.

ZUHURA: Na machipukizi unayaacha yapande tu?

BARAKA: Hapana. Yakifika urefu wa kidole, nakata ncha. Kila chipukizi lililokatwa hutoa matawi mawili au zaidi, na ndiyo yanayoziba matundu. Ukiyaacha yakimbie, unapata fimbo ndefu zisizo na majani.

ZUHURA: Mtu mwenye misaipresi afanye hivyohivyo?

BARAKA: Asithubutu! Msaipresi ukikatwa hadi kwenye mti wa kahawia usio na kijani, hauchipui tena pale. Penua matawi uchungulie ndani: kijani kinapoishia, ndipo mpaka wa mkasi wako. Tundu lililokwisha kuwapo hapo halizibiki, utang'oa na kupanda upya.

ZUHURA: Yangu imekuwa kahawia kwenye ncha, siku chache tu baada ya kukatwa. Ugonjwa?

BARAKA: Tazama ncha zenyewe. Zikiwa zimechanika nyuzinyuzi, makali yamekuwa butu, yanatafuna badala ya kukata. Noa kwanza.

ZUHURA: Nitanoa leo.

BARAKA: Na kabla ya kukata, gonga fensi kwa fimbo ndefu ukiwa mbali. Nyigu wanapenda sana kujenga humo. Mimi sikugonga siku moja, nikamaliza kazi jicho moja limefumba.