Kumkatalia mhakiki kwa adabu katika barua kwa mhariri: tunaandika aya moja pamoja

Shikamooni wakubwa zangu, na wenzangu habari za jioni. Niko Moshi, mvua imekatika sasa hivi, kwa hiyo sauti itasikika vizuri. Leo tuna kazi moja tu. Jarida limekurudishia makala, mhakiki wa pili ametaka ufanye kitu ambacho unajua si sahihi, na unatakiwa umwandikie mhariri kwamba hutakifanya. Aya hiyo tutaiandika pamoja.

Mfano nimeutunga kwa ajili ya video hii, ila mazingira yake mnayajua. Maji mengi kwenye miteremko ya Mlima Meru yana floridi kupita miligramu 1.5 kwa lita, kiwango ambacho Shirika la Afya Duniani linashauri kisizidi. Ndiyo maana Arusha tunaona watu wengi wenye meno ya kahawia. Tuseme umepima visima 30 na chemchemi 30. Wastani wa visima umeuzidi wa chemchemi kwa miligramu 0.4, na thamani ya p ni 0.12, kwa hiyo huwezi kudai kwamba tofauti imethibitika. Mhakiki ameandika hivi, tazameni kwenye skrini: "Sampuli ni ndogo mno. Waandishi wakokotoe nguvu ya utafiti kwa kutumia tofauti waliyoipata, kisha waitaje kwenye matokeo." Nguvu hiyo ni uwezekano wa utafiti kuigundua tofauti endapo kweli ipo.

Hatua ya 1. Usiandike bado. Isome hoja na uigawe, kwa sababu karibu kila hoja ya mhakiki ina wasiwasi na ina dawa. Hapa wasiwasi ni kwamba sampuli ni ndogo, na ana haki. Dawa yake ndiyo yenye kasoro. Nguvu ya utafiti hukokotolewa kabla ya kwenda kuchota maji, ili ujue uchote sampuli ngapi. Ukiikokotoa baadaye kutokana na tofauti uliyoipata, inakuwa thamani ya p iliyobadilishwa sura. P ikiwa 0.05 kamili, nguvu hiyo hutoka karibu asilimia 50; kwa p yetu ya 0.12 itatoka kama asilimia 35. Msomaji hajaongezewa kitu.

Sasa jiulize ni kitu gani kingeujibu ule wasiwasi. Ni mipaka ya uhakika ya asilimia 95. Kwa data yetu inaanzia −0.1 hadi 0.9, maana yake visima vinaweza kuwa chini kidogo ya chemchemi, au vikazizidi kwa karibu miligramu nzima. Upana huo unaonyesha udogo wa sampuli waziwazi. Kwa hiyo dawa utaikataa ukiwa na nyingine mkononi. Ukikosa nyingine, irudie hoja yake, huenda yeye ndiye aliye sahihi.

Hatua ya 2. Jua wanaosoma ni nani. Barua inaelekezwa kwa mhariri, lakini mara nyingi mhariri huituma kwa mhakiki yule yule ili aseme kama ameridhika. Mimi zamani sikulijua hili. Niliandika kwamba mhakiki hakuusoma ukurasa wa 7, na sentensi ile ikamfikia kama ilivyo. Duru ya pili alirudi na hoja nyingi kuliko za kwanza, na ukurasa wa 7 wenyewe, nilipoutazama kwa utulivu, haukueleweka. Tangu siku hiyo, mhakiki asipoelewa, naandika kwamba maelezo yetu hayakuwa wazi, kisha nayarekebisha. Na kila mara namtaja kama mtu wa tatu, "mhakiki", sisemi "wewe".

Hatua ya 3. Tuandike. Wengi huanza na toleo hili: "Pendekezo hili si sahihi kitakwimu, na mhakiki angepaswa kulijua." Futa. Nusu ya kwanza ni kweli, ila nusu ya pili inamzungumzia mtu, wakati mhariri anaamua kuhusu makala.

Toleo la pili ndilo ninaloliona zaidi kwetu huku, maana tumelelewa tusimpinge mkubwa usoni: "Kwa heshima na taadhima tunaomba radhi sana, na tunamshukuru mno mhakiki kwa maoni yake ya thamani, ambayo tumeyazingatia kwa kadiri ilivyowezekana." Zuri masikioni, lakini hebu muulize mhariri: hesabu imeongezwa au haikuongezwa? Hawezi kujua. Atafungua makala, ataitafuta, hataiona, na hapo utaonekana umeficha. Adabu ya barua hii ni kumrahisishia mhariri kazi.

Toleo la tatu nalisoma polepole:

"Tunamshukuru mhakiki kwa kuonyesha kwamba vyanzo 60 ni sampuli ndogo. Tunakubaliana naye, na makala ya awali haikulisema hilo waziwazi. Hatukuongeza hesabu ya nguvu iliyopendekezwa, kwa sababu nguvu inayotokana na tofauti iliyopatikana hufuata thamani ya p, hivyo haimpi msomaji taarifa mpya. Badala yake tumeongeza mipaka ya uhakika ya asilimia 95 (−0.1 hadi 0.9), na katika mjadala tumeandika kwamba matokeo haya hayathibitishi kuwa visima na chemchemi vina floridi sawa. Tazama ukurasa wa 8, mstari wa 14 hadi 19."

Angalieni shukrani. Ni moja, na inataja kitu chenyewe alichokiona. "Tunakubaliana" imewekwa kwenye wasiwasi tu, haikusambaa hadi kwenye dawa. Halafu "hatukuongeza" imesimama wazi, na papo hapo inafuatwa na "kwa sababu". Msiweke nafasi kati ya maneno hayo mawili. Kukataa kukikaa peke yake hata kwa sentensi moja kunasikika kama ukaidi. Pia hakuna "lakini" baada ya shukrani. Neno hilo likija hapo, msomaji huona shukrani ilikuwa ya kupitia tu. Anzeni sentensi mpya.

Jarida likiwa la Kiingereza, mpangilio ni huu huu. Juu ya jibu nakili hoja ya mhakiki nzima, neno kwa neno, hata kama imekukera. Ukiifupisha, ataona umeipunguza makali.

Hatua ya 4. Hesabu kukataa kwako. Kati ya hoja 14, ukikataa moja au mbili, mhariri atazisoma sababu zako kwa makini. Ukikataa tisa, hata zilizo sahihi zitapotea humo. Kubadilisha kichwa cha jedwali au kuongeza aya ya utangulizi, fanya tu.

Wahakiki wawili wakipingana, mmoja anataka aya iondolewe na mwingine anataka irefushwe, chagua, eleza sababu kwa wote wawili, kisha mwambie mhariri kwamba utafuata uamuzi wake. Majarida mengi pia yana sehemu ya ujumbe wa siri kwa mhariri. Itumie kwa jambo zito tu, mfano mhakiki kukutaka utaje makala zake sita zisizohusiana na maji. Taja alichoomba na kwa nini hakihusiani, sentensi mbili, bila kukisia nia yake.

Hatua ya 5. Acha aya ilale usiku mmoja. Asubuhi mpe mwenzako ambaye si wa fani yako, aisome kwa sauti, kisha mwulize maswali mawili: tumefanya alichotaka au hatukufanya, na kwa nini? Akijibu yote bila kurudi juu kusoma tena, ibandike kwenye barua, weka rangi mistari uliyobadilisha kwenye makala, hakikisha namba za kurasa bado zinalingana, upakie vyote viwili.